Uchakavu wa krasha kwa tani: hesabu kamili na ingizo la mwezi wa kazi nyingi

Kwenye machimbo ya mawe ya chokaa yanayoizunguka Tanga, kuanzia Pongwe hadi upande wa Amboni, miezi ya mwaka haifanani hata kidogo. Masika ikishuka, kati ya Machi na Mei, shimo linajaa maji, tipa zinakwama kwenye tope, na krasha inaweza kukaa kimya juma zima. Ikifika Julai na Agosti barabara imekauka, wakandarasi wote wanataka kokoto kwa wakati mmoja, na krasha inapiga zamu mbili. Mhasibu anayeandika uchakavu wa kiasi kilekile kila mwezi anaziambia hesabu kwamba mashine iliyolala Aprili imechakaa sawa na ile iliyosaga mawe usiku na mchana Agosti. Fundi anayeifungua na kuona mabamba ya taya yalivyolika anajua kwamba si kweli.

Njia ya uzalishaji inatatua jambo hilo. Uchakavu hauhesabiwi kwa kalenda, unahesabiwa kwa tani zilizopita kwenye mashine. IAS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachohusu mitambo na mali nyingine za kudumu, kinaitaja katika aya ya 62 pamoja na njia ya mafungu sawa na ile ya salio linalopungua, na kinadai utumie ile inayoonyesha vizuri zaidi jinsi faida ya mali inavyotumika. Kwa krasha ya machimbo, ambayo kinachoichakaza ni mawe yenyewe, naamini hii ndiyo njia ya haki. Ila ina sharti moja: tani zako ziwe za kweli. Ndiyo maana katika mwongozo huu nitakaa zaidi kwenye kupata tani kuliko kwenye kuzidisha na kugawanya.

Mfano tutakaoufuata ni wa kampuni ndogo ya kubuni yenye krasha moja ya taya pamoja na hopa na mikanda yake, iliyofungwa juu ya msingi wa zege karibu na Pongwe. Mwezi tunaouandikia ni Agosti.

Kwanza: gharama ya mashine

Gharama si bei ya ankara peke yake. Unajumlisha kila kilichotumika kuifikisha mashine mahali pake ikiwa tayari kufanya kazi. Kwa krasha yetu, bei pamoja na usafiri wa meli na bima hadi bandari ya Tanga ilikuwa Sh 512,000,000. Ushuru, gharama za bandari na malipo ya wakala wa forodha yakafika Sh 38,000,000. Msingi wa zege na ufungaji ulikula Sh 44,000,000, na majaribio Sh 6,000,000. Jumla ni Sh 600,000,000.

Kodi ya ongezeko la thamani unayoweza kuidai haiingii humo, kwa sababu itarudi. Mshahara wa opereta baada ya mashine kukabidhiwa nao haumo. Vilevile, kokoto zilizotoka wakati wa majaribio zikiuzwa, pesa yake haipunguzi gharama ya mashine. Tangu Januari 2022 mauzo hayo yanaandikwa kwenye mapato pamoja na gharama zake.

Kisha kuna thamani ya mabaki, yaani kile unachotarajia kupata ukiiuza mashine mwisho wa matumizi yako, baada ya kutoa gharama za kuiuza. Hapa imekadiriwa Sh 60,000,000, ambayo zaidi ni mota, mikanda na chuma. Msingi wa zege hauna mnunuzi, kwa hiyo haukuhesabiwa. Kinachobaki, Sh 540,000,000, ndicho kitakachogawanywa kwa tani.

Pili: tani za maisha yote ya mashine

Makosa makubwa huanzia hapa, na hayaonekani mpaka miaka ipite.

Kosa la kawaida ni kusoma kibao cha mtengenezaji. Kibao cha krasha yetu kinasema tani 80 kwa saa. Mtu anachukua 80, anazidisha kwa saa 8, kwa siku 26 za mwezi, kwa miezi 12, kwa miaka 10, anapata karibu tani milioni 2. Kisha anagawa Sh 540,000,000 kwa milioni 2 na kupata Sh 270 kwa tani. Hesabu ni sahihi, lakini hakuna machimbo yanayofanya kazi hivyo. Krasha inasubiri tipa, inasubiri baruti ilipuliwe, inasubiri umeme, na jiwe kubwa likikwama mdomoni linatolewa kwa nusu saa. Ukitumia kiwango hicho cha chini, mashine itaisha ikiwa bado na thamani kubwa vitabuni, na hasara yote itakuangukia mwaka mmoja.

Badala yake, uliza maswali mawili na uchukue jibu dogo. Swali la kwanza ni la fundi: mwili wa mashine hii, yaani fremu, shafti na beringi kubwa, unaweza kusaga tani ngapi za mawe ya aina hii kabla haujafika mahali ambapo kuukarabati hakulipi? Neno muhimu hapo ni mawe ya aina hii. Mawe ya chokaa ni laini ukilinganisha na miamba migumu ya Usambara, hivyo makadirio ya krasha iliyofanya kazi milimani hayafai kuletwa Pongwe, wala ya Pongwe hayafai kupelekwa kule. Fundi wa mfano wetu alikadiria tani 1,100,000.

Swali la pili ni la shimo: kuna mawe kiasi gani ndani ya eneo la leseni yanayoweza kuchimbwa kwa faida? Kama krasha haitahamishwa baada ya shimo kuisha, maisha yake hayawezi kuzidi mawe yaliyopo. Mpimaji alikadiria tani 900,000. Kwa kuwa mashine imefungwa kwenye zege na wenye kampuni hawana eneo jingine, tunachukua 900,000. Wangekuwa na mpango wa kweli wa kuihamishia shimo lingine, tungerudi kwenye namba ya fundi.

Andika karatasi ya makadirio hayo, na sahihi za fundi na mpimaji ziwepo. Mkaguzi ataiomba, na wewe mwenyewe utaihitaji siku ya kuyapitia upya.

Sasa kiwango kinapatikana:

```
(600,000,000 - 60,000,000) / 900,000 = Sh 600 kwa tani
```

Mabamba ya taya hayamo katika hesabu hii. Yanalika na kubadilishwa mara nyingi ndani ya maisha ya mashine, kwa hiyo yanakaa stoo kama vipuri na yanakuwa gharama yakifungwa. Lakini kama mashine ina sehemu kubwa ya bei yenye maisha tofauti kabisa na mwili wake, mathalani mota ghali itakayobadilishwa katikati ya safari, itenge na uipe kiwango chake.

Tatu: kupata tani za mwezi

Tani unazozitafuta ni zilizosagwa, si zilizouzwa. Katika mwezi wa kazi nyingi tofauti ya hizo mbili inaweza kuwa kubwa, kwa sababu lundo linakua huku tipa za wateja zikipanga foleni. Anayetumia jumla ya mzani wa magari getini anahesabu kazi ya wauzaji, si kazi ya krasha.

Chanzo kizuri ni mzani wa mkanda, ule unaofungwa chini ya mkanda unaotoa mawe kwenye krasha kwenda kwenye chekeche. Una mita inayojumlisha tani tangu siku ya kwanza. Mita yetu ilirudishwa sifuri siku mashine ilipokabidhiwa, baada ya majaribio, na haijaguswa tena. Asubuhi ya Agosti 1 ilisoma 148,320. Mwisho wa mwezi ilisoma 162,840. Tofauti ni tani 14,520, wakati mwezi wa kawaida ni kama 7,500.

Swali la kwanza ambalo mtu makini atauliza ni mwisho wa mwezi ni saa ngapi. Krasha ikiwa na zamu ya usiku, zamu ya Agosti 31 inamalizika alfajiri ya Septemba 1. Chagua kipimo kimoja na usikibadilishe: sisi tunasoma mita saa 12 asubuhi zamu ya usiku inapotoka, na tani za usiku huo zinabaki Agosti. Mzani wa getini na upimaji wa malundo lazima ufuate saa hiyohiyo. La sivyo utatafuta tofauti ambayo haipo.

Swali la pili ni kama mzani unasema kweli. Adui mkubwa wa mzani wa mkanda ni tope na vumbi linaloganda kwenye mkanda na kwenye rola zake. Mzani unaliona kama mzigo, kwa hiyo mita inapanda hata mkanda ukizunguka mtupu. Namna ya kugundua ni rahisi: kabla ya zamu kuanza, mwambie opereta azungushe mkanda bila mawe kwa dakika kumi huku ukiitazama mita. Ikisogea, mkanda usafishwe na mzani urudishwe kwenye sifuri yake ya kazi, bila kugusa jumla ya maisha. Liandike jambo hilo kwenye daftari la krasha pamoja na tarehe. Miezi ya mvua fanya hivyo kila wiki.

Tatu, tazama mahali mzani ulipo. Mawe yakimwagwa kwenye hopa, madogo hupenya kwenye nondo za kuchujia na kuangukia mkandani bila kupita kwenye taya. Mzani unayapima pamoja na yaliyosagwa. Hili si kosa mradi makadirio ya tani 900,000 nayo yalijumlisha mawe hayo, na kwa kuwa yalitokana na mawe yote ya shimo, yamejumlishwa. Kosa ni kukadiria maisha kwa kipimo kimoja na kusoma mwezi kwa kipimo kingine.

Usiishie kwenye mita. Lipo jaribio la pili linalotumia namba zilizokusanywa na watu wengine, na ndilo linalonipa usingizi mzuri wakati wa kufunga hesabu. Unaanza na mauzo ya mzani wa getini, unaongeza au kupunguza mabadiliko ya malundo, unaongeza kokoto ambazo kampuni ilitumia yenyewe.

Malundo hupimwa kwa ujazo, kisha hugeuzwa kuwa tani. Kwa kugeuza usitumie namba ya kitabuni. Jaza tipa ambayo ujazo wa bodi yake umeupima kwa mita, ipitishe mzanini, toa uzito wa gari tupu, gawa. Hapa ilitoka tani 1.45 kwa mita moja ya ujazo. Rudia kwa kokoto za nusu, za robo tatu na vumbi kila moja peke yake kama malundo ni makubwa, maana hazijipangi sawa. Kwa mfano wetu wastani mmoja unatosha. Vumbi usilisahau: nalo limetoka kwenye taya, hata kama hakuna anayelinunua mwezi huo.

Malundo yote Agosti 1 yalikuwa mita za ujazo 2,600, sawa na tani 3,770. Mwisho wa mwezi yalikuwa 3,700, sawa na tani 5,365. Yameongezeka kwa tani 1,595. Mauzo ya getini ni tani 12,780. Tani 110 zilimwagwa kwenye barabara ya ndani inayoingia shimoni. Jumla:

```
12,780 + 1,595 + 110 = 14,485
```

Mita inasema 14,520. Tofauti ni tani 35, chini ya robo ya asilimia moja, na kupima lundo kwa utepe hakuwezi kuwa sahihi kuliko hapo. Tunakubali mita. Kampuni iweke mpaka wake mapema: sisi tofauti ikivuka asilimia 3 hatuandiki kitu mpaka sababu ijulikane. Mita ikizidi sana, anza na tope kwenye mkanda. Mita ikipungua sana, uliza kama kuna mawe yaliyotoka shimoni na kuuzwa bila kusagwa, maana mawe ya msingi hupita getini lakini hayapiti kwenye krasha, na yanatakiwa kutolewa kwenye mauzo kabla ya kulinganisha.

Mwisho gawa tani kwa saa za kazi. Mita ya saa inaonyesha krasha ilisaga kwa saa 242 Agosti: 14,520 kwa 242 ni tani 60 kwa saa. Ndicho kiwango chake cha miezi yote. Ingetoka 75 kwa saa wakati hakuna kilichobadilika, nisingeamini.

Kampuni isiyo na mzani wa mkanda inaweza kuhesabu tipa zinazomwaga kwenye hopa, baada ya kupima uzito wa safari kadhaa za kila tipa ili kupata wastani. Si sahihi kama mita, lakini ukilinganisha na malundo kila mwezi inatosha kwa machimbo madogo.

Nne: ingizo la Agosti

Hesabu yenyewe ni mstari mmoja:

```
14,520 x 600 = Sh 8,712,000
```

Na ingizo la tarehe 31 Agosti ni hili:

| Akaunti | Debiti (Sh) | Krediti (Sh) |
|---|---|---|
| Gharama za uzalishaji: uchakavu wa krasha | 8,712,000 | |
| Limbikizo la uchakavu: krasha | | 8,712,000 |

Maelezo yake: uchakavu wa krasha ya taya, Agosti, mita 148,320 hadi 162,840, tani 14,520 kwa Sh 600. Usiandike "uchakavu wa mwezi" tu. Anayesoma vocha hiyo baada ya miaka miwili aweze kurudia hesabu bila kukutafuta. Ambatisha nakala ya ukurasa wa daftari la krasha uliosainiwa na opereta wa zamu na msimamizi, pamoja na karatasi ya ulinganisho wa malundo.

Debiti haikwenda moja kwa moja kwenye matumizi ya ofisi. Krasha ni mashine ya kuzalisha, kwa hiyo uchakavu wake ni sehemu ya gharama ya kokoto, kama dizeli na baruti. Kokoto ambazo bado ziko kwenye lundo zinabeba sehemu yake mpaka ziuzwe. Mwezi wa kazi nyingi ndio unaolifanya jambo hili lionekane, kwa kuwa lundo limekua. Ingizo la pili linazigawa zile Sh 8,712,000 mahali tani zilipokwenda:

| Akaunti | Debiti (Sh) | Krediti (Sh) |
|---|---|---|
| Gharama ya mauzo (tani 12,780 na tofauti ya tani 35) | 7,689,000 | |
| Matengenezo ya barabara ya ndani (tani 110) | 66,000 | |
| Akiba ya kokoto (ongezeko la tani 1,595) | 957,000 | |
| Gharama za uzalishaji: uchakavu wa krasha | | 8,712,000 |

Mgawo huu umekuwa mwepesi kwa sababu akiba ya mwanzo nayo ilibeba Sh 600 kwa tani. Kiwango kikibadilika, akiba ya zamani itoke kwanza kwa kiwango chake, au utumie wastani, kulingana na sera ya kampuni. Zile tani 35 tumeziweka kwenye gharama ya mauzo kwa sababu ni tofauti ya upimaji, na haifai kuzihifadhi kwenye akiba kana kwamba tumeziona.

Linganisha na njia ya mafungu sawa. Kwa miaka 10, Sh 540,000,000 ni Sh 4,500,000 kila mwezi. Agosti kila tani ingebeba kama Sh 310 za uchakavu. Tuseme Aprili krasha ilisaga tani 2,100: kila tani ingebeba zaidi ya Sh 2,140. Mwenye machimbo anayepanga bei kwa hesabu za Agosti angempa mkandarasi bei ya chini kupita kiasi kwa mkataba wa mwaka mzima, na kwa hesabu za Aprili angeukosa mkataba wenyewe. Kwa njia ya uzalishaji Aprili inaandikwa Sh 1,260,000, na tani inabeba Sh 600 miezi yote miwili.

Agosti ni mwezi ambao meneja atakuja mezani. Ataona uchakavu umekaribia mara mbili ya kawaida na atasema, "Mhasibu, mashine ni ileile, mbona uchakavu umeruka?" Mwonyeshe tani. Asikushawishi kuupunguza kwa sababu faida ya mwezi itaonekana ndogo, wala kuupandisha kwa sababu bei ya kokoto ilikuwa nzuri. Kuhesabu uchakavu kwa kufuata mapato kumekataliwa wazi na aya ya 62A ya IAS 16, iliyoanza kutumika Januari 2016: bei ikipanda, taya hazisagi mawe mengi zaidi.

Tano: kuthibitisha salio

Njia hii ina uthibitisho ambao njia nyingine hazina. Maadamu kiwango hakijabadilika na mita ilianza sifuri, limbikizo lote la uchakavu lazima liwe sawa na mita mara kiwango. Mwisho wa Agosti:

```
162,840 x 600 = Sh 97,704,000
```

Leja nayo isome hivyo: Sh 88,992,000 za mwanzo wa mwezi, ongeza Sh 8,712,000. Thamani ya vitabuni ya krasha ni Sh 600,000,000 kutoa Sh 97,704,000, yaani Sh 502,296,000. Namba mbili zikigombana, kuna mwezi ambao usomaji wa mita ulirukwa au ulirudiwa. Mara nyingi ni mwezi ambao karani mpya alianza na mita ya mwisho wa zamu ya mchana badala ya ile ya asubuhi.

Mzani ukiharibika na kubadilishwa, mita mpya itaanza upya. Andika usomaji wa mwisho wa ile ya zamani siku hiyohiyo, mbele ya watu wawili, na uuongeze kwenye kila hesabu inayofuata.

Sita: makadirio yakibadilika

Angalau kila mwisho wa mwaka wa fedha unatakiwa kupitia upya tani zilizobaki na thamani ya mabaki. Tuseme mwishoni mwa Desemba mita inasoma 192,000. Kwa makadirio ya zamani zilibaki tani 708,000. Lakini vuli hiyo uchimbaji ulipofika upande wa pili wa shimo, ulikutana na tabaka nene la udongo juu ya mawe, na mpimaji sasa anasema tani zinazolipa kuchimbwa ni 590,000 tu.

Hurudi nyuma kurekebisha Agosti. Agosti iliandikwa kwa habari zilizokuwapo Agosti. Unachukua thamani ya vitabuni ya sasa, unatoa mabaki, unagawa kwa tani zilizobaki:

```
Limbikizo:         192,000 x 600            = 115,200,000
Thamani vitabuni:  600,000,000 - 115,200,000 = 484,800,000
Kiwango kipya:     (484,800,000 - 60,000,000) / 590,000 = Sh 720
```

Kuanzia Januari kila tani inaandikwa kwa Sh 720, na uthibitisho wa salio unakuwa Sh 115,200,000 ongeza tani zote zilizopita baada ya mita 192,000, mara 720. Eleza badiliko hilo kwenye maelezo ya hesabu za mwaka, maana linamgusa anayelinganisha faida ya mwaka huu na ya jana.

Kinachoniudhi ni kuona watu wakisubiri mashine ife ndipo warekebishe. Mpimaji akileta habari mbaya mwezi Mei, fanya hesabu Mei.

Pale njia hii inapofikia mwisho wake

Krasha isiposaga hata tani moja, uchakavu wa mwezi huo ni sifuri, na kiwango cha kimataifa kinaruhusu. Kwa wiki chache za masika hakuna tatizo. Lakini mashine iliyosimama mwaka mzima karibu na bahari ya Tanga inaliwa na kutu hata bila kusaga jiwe: boliti zinashika, nyaya zinaoza, mabaki yanashuka bei. Hapo usijifiche nyuma ya sifuri. Kagua kama thamani yake ya vitabuni bado inaweza kupatikana, ama kwa kuitumia ama kwa kuiuza, na kama haiwezekani andika upungufu wa thamani, kwa mujibu wa IAS 36. Kama kuna dalili kwamba kinachoimaliza ni miaka kuliko mawe, badilisha njia.

Mashine nyingine za shimo zisifungwe kwenye tani hizi kwa urahisi tu. Jenereta na loda zina mita za saa, na saa zinaeleza uchovu wake vizuri zaidi, kwa kuwa loda inaweza kushinda siku nzima ikipakia malundo ya mwezi uliopita. Gari la ofisi libaki kwenye mafungu sawa.

Kuhusu kodi, Sh 8,712,000 za Agosti hazitambuliwi kama zilivyo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ina jedwali lake la makato ya uchakavu, lenye madaraja na asilimia, na halijali krasha ilisaga tani ngapi. Kwa hiyo kwenye hesabu ya kodi ya mwaka unarudisha uchakavu wote wa vitabuni kwenye faida, kisha unatoa makato yanayoruhusiwa na jedwali. Daraja la krasha linategemea kama shughuli inahesabiwa kuwa ya madini au ya kiwanda, hivyo lipatie jibu la maandishi mapema. Weka rejesta mbili za mashine hiyo moja, ya vitabu na ya kodi, tangu siku ya kwanza. Tofauti kati ya salio za rejesta hizo ndiyo utakayoitumia kukokotoa kodi iliyoahirishwa, na kuijenga upya baada ya miaka mitano ni kazi ngumu kuliko kuiandika mstari mmoja kila mwaka.